Mifuko Mingapi, Alama Ngapi: Kufumbua Hesabu za Kutokuwa Sawa

Fumbo la kutokuwa sawa hutofautiana na fumbo la mlinganyo kwa jambo moja kubwa: jibu lake si namba moja, bali ni mpaka pamoja na upande mmoja wa mpaka huo. Mkulima mwenye shilingi 600,000 haulizi ni mifuko mingapi ya mbolea itakayomaliza 600,000 kamili. Anauliza anaweza kununua mifuko mingapi bila kuvuka fedha aliyonayo. Mwanafunzi naye haulizi alama ipi italeta wastani wa 65 barabara, bali kuanzia alama ipi wastani wake hautashuka chini ya 65. Kazi yenyewe ina hatua tatu: kugeuza maneno kuwa kauli ya hisabati, kuitatua kauli hiyo, na kulirudisha jibu kwenye mifuko au kwenye karatasi ya mtihani. Hatua ya katikati ndiyo hufundishwa kwa muda mrefu darasani. Zinazoangusha watu ni ya kwanza na ya mwisho.

Alama zinazotumika ni nne. Alama ≤ husomwa "ni ndogo kuliko au sawa na", na ndiyo hubeba maneno kama isiyozidi, isivuke, mwisho, au hadi. Alama ≥, yaani "ni kubwa kuliko au sawa na", hubeba angalau, isiyopungua na kuanzia. Alama < na > hazikubali usawa, na mara nyingi hutokana na chini ya na zaidi ya. Orodha hii husaidia kidogo tu. Mwanafunzi anayeikariri hunaswa pale sentensi inapoeleza sharti bila kutaja hata neno moja kati ya hayo, kwa mfano "ana shilingi 600,000 mfukoni". Njia ya uhakika ni kuuliza maswali mawili kuhusu mpaka wenyewe. Je, namba ya mpakani inakubalika? Je, namba iliyo juu kidogo ya mpaka inakubalika? Mwenye 600,000 akitumia 600,000 yote hajavunja sharti lolote, lakini akitakiwa kulipa 600,001 amekwama. Kwa hiyo gharama ≤ 600,000.

Swali la kwanza, la mpaka kukubalika, lina uzito tofauti kulingana na kinachopimwa. Katika mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, wenye masomo sita ya alama 50 kila moja na jumla ya 300, daraja C huanzia alama 121. Kusema jumla > 120 au jumla ≥ 121 ni mamoja, kwa sababu jumla hutolewa kwa namba nzima na hakuna kitu kati ya 120 na 121. Unyevu wa mahindi si hivyo. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka unyevu usiozidi asilimia 13.5, na kipimo huweza kusoma 13.5 kamili. Shehena hiyo imefaulu. Aliyeandika u < 13.5 ameikataa shehena halali, na aliyeandika u ≤ 13 amekataa nyingi zaidi.

Fumbo la bajeti lifuatalo ni la aina inayojulikana sana katika uwanda wa Ufipa, ambako mvua huanza karibu na Novemba na mbolea hutakiwa iwe imeshafika kijijini kabla ya mbegu kuingia ardhini. Bei zilizotumika ni za mfano tu. Mkulima wa Mpui ana shilingi 600,000 za kununulia mbolea mjini Sumbawanga. Mfuko wa kilo 50 unauzwa shilingi 70,000. Gari dogo la mizigo la kupeleka mbolea nyumbani linakodiwa kwa shilingi 40,000 kwa safari nzima, na vibarua wa kupakia na kushusha wanadai shilingi 1,500 kwa kila mfuko. Anaweza kununua mifuko mingapi?

Kabla ya alama yoyote kuandikwa, kila kiasi cha fedha kwenye fumbo kiulizwe: kinalipwa mara moja, au kinalipwa kwa kila mfuko? Bei ya mfuko na ujira wa vibarua vinajirudia kila mfuko unapoongezeka. Kukodi gari hakujirudii. Idadi ya mifuko ikiitwa n, basi kinachojirudia ni 70,000 + 1,500, yaani 71,500 kwa kila mfuko, na kisichojirudia kinasimama peke yake:

71,500n + 40,000 ≤ 600,000

Utatuzi hufuata njia ile ile ya mlinganyo. Ikitolewa 40,000 pande zote mbili hubaki 71,500n ≤ 560,000. Ikigawanywa kwa 71,500, n ≤ 7.83, kwa kukadiria. Hakuna duka linalouza sehemu ya mfuko kwa bei hiyo, na kwa kuwa huu ni ukomo wa juu, jibu huteremshwa: mifuko 7. Hapa kanuni ya kawaida ya kukadiria, ile ya kupandisha kuanzia nusu, haina nafasi hata kidogo. Angekuwa na 7.99, jibu lingebaki 7.

Uhakiki una sehemu mbili, na wengi hufanya moja tu. Mifuko 7 hugharimu 500,500 na gari 40,000, jumla 540,500. Iko ndani ya bajeti. Hilo peke yake halijathibitisha kitu, kwani hata mifuko 3 iko ndani ya bajeti. Lazima ijaribiwe pia namba inayofuata: mifuko 8 ni 572,000, na pamoja na gari ni 612,000, imezidi kwa 12,000. Namba moja imepita na inayofuata imegoma, kwa hiyo mpaka umepatikana.

Fumbo hili lina mitego miwili inayofaa kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu kila mmoja huzaa jibu linaloonekana safi. Anayesahau vibarua huandika 70,000n + 40,000 ≤ 600,000 na kupata n ≤ 8 kamili, bila desimali. Namba inayotoka nzima hivyo humfanya mtu aamini kuwa amepatia, kama vile mtunga swali alikuwa akiisubiri. Dawa ni kuhesabu namba zilizotajwa kwenye fumbo na kuhakikisha kila moja imeonekana kwenye kauli. Mtego wa pili ni kulizidisha gari kwa idadi ya mifuko: 111,500n ≤ 600,000, ambayo humwacha mkulima na mifuko 5 na zaidi ya shilingi 200,000 zisizotumika. Kosa hilo hugunduliwa kwa kuweka n = 2 kwenye kauli na kuuliza inasema nini. Ikiwa kwa mifuko miwili kauli inalipia magari mawili, imeandikwa vibaya.

Fumbo likitaja bidhaa mbili, mwanafunzi hukimbilia herufi mbili. Mara nyingi haihitajiki. Tuseme mkulima huyo anatia mfuko mmoja wa DAP wa kupandia na mfuko mmoja wa urea wa kukuzia kwa kila ekari, na kwamba DAP ndiyo ile ya shilingi 70,000, urea ikiuzwa shilingi 65,000. Bidhaa hizo zimefungwa pamoja na ekari, hivyo herufi inayofaa ni ya ekari, si ya mifuko. Ekari moja hugharimu 70,000 + 65,000 na vibarua wa mifuko miwili, 3,000, jumla 138,000. Idadi ya ekari ikiwa e:

138,000e + 40,000 ≤ 600,000

Hubaki 138,000e ≤ 560,000, na e ≤ 4.06, kwa kukadiria, yaani ekari 4 nzima na shilingi 8,000 za ziada. Ekari zenyewe zinaweza kugawanyika, mifuko haigawanyiki, na ndiyo maana jibu limeteremshwa. Kinachoamua kuteremsha au kutoteremsha ni kile kinachonunuliwa, si kile kilichopewa herufi. Kama fumbo lingekuwa la mafuta ya trekta kwa lita, jibu lingeweza kubaki na desimali zake. Herufi mbili huwa za lazima pale tu bidhaa zinapoachwa huru, mtu achague mwenyewe DAP ngapi na urea ngapi, na hapo kazi inaingia kwenye mada ya grafu ya Kidato cha Nne.

Sasa sharti likiongezwa, kwamba baada ya kununua na kukodi gari mkulima abakiwe na shilingi zisizopungua 80,000 za palizi, kauli hubadilika sura. Kinachozungumzwa sasa ni salio, na salio lina mpaka wa chini:

600,000 − 40,000 − 138,000e ≥ 80,000

Upande wa kushoto ukijumlishwa hupatikana 560,000 − 138,000e ≥ 80,000, na baada ya kutoa 560,000 pande zote, −138,000e ≥ −480,000. Hapa ndipo kanuni moja tu inayotenganisha hesabu hizi na milinganyo huingia: kugawanya au kuzidisha pande zote kwa namba hasi hugeuza alama. Hivyo e ≤ 3.48, na jibu ni ekari 3. Sababu ya kugeuka inaonekana kwa namba ndogo. Ni kweli kwamba 2 < 5. Zikizidishwa zote kwa −1 hupatikana −2 na −5, na kwenye mstari wa namba −2 iko kulia kwa −5, yaani ni kubwa zaidi. Anayedaiwa shilingi 5 ana hali mbaya kuliko anayedaiwa 2, ingawa 5 ni kubwa.

Aliyesahau kugeuza ataandika e ≥ 3.48 na kusema mkulima alime ekari 4 au zaidi. Anaweza kujikamata kwa kuchukua namba yoyote kubwa ambayo jibu lake linaikubali, tuseme ekari 10, na kuirudisha kwenye fumbo, si kwenye mstari wa mwisho wa ukokotozi. Ekari 10 zinahitaji shilingi 1,380,000 kutoka kwa mtu mwenye laki sita. Jibu limeanguka lenyewe. Wasiopenda namba hasi wana njia nyingine, nayo ni bora kwa wanaoanza: kuhamisha kile chenye alama ya kutoa badala ya kukigawa. Kutoka 560,000 − 138,000e ≥ 80,000, kikijumlishwa 138,000e pande zote na kutolewa 80,000, hupatikana 480,000 ≥ 138,000e. Hakuna hasi popote, hakuna cha kugeuza, na ikigawanywa hubaki 3.48 ≥ e, ambayo ni kauli ile ile ikisomwa kutoka kulia.

Mpaka wa chini hubadilisha pia namna ya kukadiria. Baada ya mavuno, familia inahitaji angalau shilingi 500,000 kumwandaa mtoto wa bweni. Gunia la mahindi la kilo 100 linauzwa kwa shilingi 600 kwa kilo, sawa na 60,000, na usafirishaji hula 3,000 kwa gunia, hivyo gunia moja huleta 57,000 mkononi. Kauli ni 57,000g ≥ 500,000, na g ≥ 8.77. Magunia 8 huleta 456,000, pungufu ya 44,000, na magunia 9 huleta 513,000. Safari hii namba imepandishwa. Aliyezoea kuteremsha kwenye mbolea akiteremsha na hapa, mtoto ataondoka bila godoro. Hesabu hii imechukulia kwamba mahindi yamepimwa kwa mizani. Gunia la lumbesa, lililojazwa kupita kimo chake, lina kilo zisizojulikana, na hakuna kauli ya hisabati inayoweza kuliokoa.

Mafumbo ya alama za mtihani hufuata mwendo huo huo, ila yana mpaka wa pili ambao fumbo halijisumbui kuutaja: karatasi ina alama ya juu kabisa. Mtahiniwa wa darasa la saba ambaye katika mtihani wa majaribio amepata jumla ya 98 katika masomo matano, na anataka angalau daraja C, ana kauli 98 + x ≥ 121, yaani x ≥ 23. Kwa kuwa somo lina alama 50, jibu kamili ni 23 ≤ x ≤ 50. Mwenzake mwenye 190 katika masomo matano, ambazo ni alama nzuri kati ya 250, akitaka daraja A linaloanzia 241, hupata x ≥ 51. Hesabu imekamilika bila kosa, na jibu lake ni kwamba haiwezekani. Mwanafunzi asiyeandika mpaka wa 50 huacha jibu la x ≥ 51 kwenye daftari kana kwamba lina maana.

Kwenye wastani, kosa kubwa ni kukokotoa wastani wa wastani. Mwanafunzi wa sekondari amepata 52, 60 na 59 katika majaribio matatu, na anataka wastani wa majaribio manne usiopungua 65, ambapo daraja B huanzia. Jumla ya matatu ni 171, na kauli ni:

(171 + x) ÷ 4 ≥ 65

Ikizidishwa kwa 4 hupatikana 171 + x ≥ 260, na x ≥ 89. Wengi hukokotoa wastani wa matatu, 57, kisha wanaandika (57 + x) ÷ 2 ≥ 65 na kupata x ≥ 73. Mwenye 73 atakuwa na jumla ya 244 na wastani wa 61. Tofauti ya alama 16 imetokana na kulipa jaribio moja uzito sawa na majaribio matatu kwa pamoja. Kuna pia suala la kukadiria wastani: kama shule hupandisha 64.5 kuwa 65, mpaka halisi ni wastani ≥ 64.5, na inatosha x ≥ 87. Ni busara kuuliza utaratibu wa shule kabla ya kuandika kauli, kwani alama mbili kwa kiwango cha 87 si ndogo.

Uzito usio sawa hushughulikiwa kwa kuuandika waziwazi. Tathmini endelevu ikibeba asilimia 30 na mtihani wa mwisho asilimia 70, mwanafunzi mwenye 38 katika tathmini endelevu anayetaka angalau C, inayoanzia 45, anaanza na 0.3 × 38 + 0.7m ≥ 45. Kuzidisha pande zote kwa 10 huondoa desimali: 114 + 7m ≥ 450, kisha 7m ≥ 336, na m ≥ 48. Anayekisia kwa kulinganisha, kwamba alipungukiwa 7 hivyo aongeze 7 juu ya 45 na kupata 52, amejiwekea mzigo usiohitajika, kwa sababu mtihani wa mwisho ni mzito kuliko tathmini.

Madaraja ya Kidato cha Nne yanageuza kila kitu, na hapa ndipo maneno hudanganya zaidi. Daraja A lina pointi 1, B pointi 2, C pointi 3, D pointi 4 na F pointi 5, na pointi za masomo saba bora hujumlishwa. Divisheni ya Kwanza ni pointi 7 hadi 17, ya Pili 18 hadi 21, ya Tatu 22 hadi 25, ya Nne 26 hadi 33. Pointi ndogo ndizo nzuri. Mtu akisema anataka angalau Divisheni ya Pili, neno angalau linaita ≥ kwa mazoea, lakini kauli sahihi ni P ≤ 21. Maswali mawili ya mpaka yanaonyesha hilo papo hapo: 21 inakubalika, 22 haikubaliki.

Mwanafunzi aliyejikadiria B mbili, C tatu na D moja katika masomo yake sita yaliyo bora ana pointi 2 + 2 + 3 + 3 + 3 + 4 = 17. Somo la saba likiwa na pointi x, kauli ya Divisheni ya Pili ni 17 + x ≤ 21, na x ≤ 4, yaani D au zaidi. Ikirudishwa kwenye alama, D huanzia 30, hivyo jibu hugeuka kuwa m ≥ 30. Alama ya ≤ kwenye pointi imekuwa ≥ kwenye maksi bila namba hasi yoyote kuhusika, kwa sababu tu pointi hupungua maksi zinapopanda. Anayechanganya vipimo hivyo viwili katika kauli moja hana namna ya kupata jibu. Ni lazima atatue kwa pointi mpaka mwisho, ndipo ahamie kwenye maksi.

Mwanafunzi huyo huyo akitaka Divisheni ya Kwanza, 17 + x ≤ 17 hutoa x ≤ 0, na hakuna daraja lenye pointi 0. Hata A ya somo la saba humfikisha 18. Njia iliyobaki ni kupandisha daraja katika masomo yale sita: C moja ikiwa B, jumla inashuka hadi 16 na x ≤ 1, maana yake somo la saba lazima liwe A, maksi 75 au zaidi. C mbili zikiwa B, jumla ni 15, x ≤ 2, na maksi 65 katika somo la saba zinatosha.